Oda imetoka 0.79: kutafuta kosa kati ya kanuni ya kasi na jotoridi

Slaidi za kasi ya mmenyuko zinazofundishiwa kidato cha tano na cha sita hufanana karibu kila mahali. Slaidi ya kwanza ina kanuni ya kasi, v = k[A]^m[B]^n, ambamo vipeo m na n ndizo oda na k ni namba isiyobadilika jotoridi likiwa moja, pamoja na jedwali la majaribio matatu au manne ambamo ukolezi unaongezwa mara mbili na kasi inaongezeka mara mbili au mara nne bila kubakiza hata desimali moja. Slaidi chache mbele linakuja jotoridi, na mlinganyo ambao Msweden Svante Arrhenius aliuweka mbele ya wanakemia mwaka 1889, k = A e^(−Ea/RT), ambamo Ea ni nishati ya uamilisho na T ni jotoridi kwa kelvini. Mwanafunzi anayakokotoa yote mawili vizuri. Kisha anaingia maabara, anapima kwa mkono wake mwenyewe, na namba zinakataa.

Nimefundisha kemia hapa Mtwara kwa miaka kadhaa, na nimejifunza kwamba namba zinapokataa, chanzo mara nyingi ni kwamba slaidi zimetenganisha mambo mawili ambayo kwenye bika hayatengani. Slaidi ya oda inasema tu, kwa maandishi madogo, kwamba jotoridi halibadiliki. Katika maabara ya pwani yetu, yenye madirisha yanayopokea jua tangu asubuhi, jotoridi hubadilika usipolizuia, na likibadilika hujipenyeza ndani ya oda bila kujitangaza. Mwongozo huu unafuata mmenyuko mmoja tu, ule wa sodiamu thayosalfeti na asidi ya haidrokloriki, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana katika shule nyingi na makosa yake yanaonekana kwa macho:

Na2S2O3 + 2HCl → 2NaCl + SO2 + S + H2O

Salfa inayotengenezwa hailali chini mara moja, bali huelea ndani ya maji na kuyafanya meupe yenye umanjano. Bika huwekwa juu ya karatasi yenye alama ya X, na tunapima sekunde zinazopita hadi alama isionekane tena kwa mtu anayetazama kutoka juu. Ikiwa kila mara alama inafichwa na kiasi kilekile cha salfa, basi muda mfupi maana yake kasi kubwa, na 1/t inaweza kusimama badala ya kasi. Sharti hilo la kiasi kilekile lina uzito wake. Bika liwe lile lile, karatasi iwe ile ile, jicho liwe la mtu yule yule, na jumla ya ujazo iwe moja kila mara, kwani kimiminika chenye kina kirefu huficha alama kwa salfa hafifu zaidi kuliko kimiminika chenye kina kifupi.

Dalili ya kwanza: mwanafunzi anasema oda ya asidi ni 2 kabla hajapima chochote

Hili ni kosa la kusoma, nalo nitalipita upesi. Mwanafunzi ameiona namba 2 mbele ya HCl katika mlinganyo uliosawazishwa na akaipandisha ikawa kipeo. Slaidi nyingi zinamsaidia kukosea, kwa kuwa mfano wanaoanza nao huwa ni ule ambao namba za kusawazisha na vipeo vimelingana kwa bahati.

Dawa yake ni kumpa mfano unaovunja mazoea hayo papo hapo. Gesi ya dainitrojeni pentoksaidi huvunjika kwa mlinganyo 2N2O5 → 4NO2 + O2, na ukiangalia namba ya mbele ungesema oda ni 2, lakini vipimo vinaonyesha kwamba ni 1. Mlinganyo uliosawazishwa ni hesabu ya mwanzo na mwisho, nao hausemi molekuli zilipitia hatua gani katikati wala ni hatua ipi iliyokuwa ya polepole kuliko zote. Kasi huamuliwa na hatua hiyo ya polepole. Kwa hiyo oda haipatikani kwa kusoma mlinganyo, inapatikana kwa kupima, na ndiyo sababu inaweza kuwa 0, au hata sehemu ya namba nzima.

Onyo hilo la mwisho lina hatari yake. Mwanafunzi akishasikia kwamba oda inaweza kuwa sehemu ya namba, atapokea 0.79 bila kushtuka.

Dalili ya pili: oda inatoka 0.79, na mstari wa grafu umenyooka kabisa

Kundi moja la wanafunzi wangu liliandaa michanganyiko mitano. Thayosalfeti ilikuwa na ukolezi wa moli 0.1 kwa kila dm³, na walichukua cm³ 50, 40, 30, 20 na 10, wakaongeza maji yaliyokenekwa ili kila mchanganyiko ufike cm³ 50, kisha wakamimina cm³ 10 za asidi yenye ukolezi wa moli 2 kwa dm³. Jumla ilikuwa cm³ 60 kila mara, kama inavyotakiwa. Alama ya X ilipotea baada ya sekunde 24, 28, 34, 46 na 85.

Walichora logi ya 1/t dhidi ya logi ya ujazo wa thayosalfeti, mwinamo wake ukiwa ndio oda. Nukta zote zilikaa karibu na mstari, na mwinamo ukasoma 0.79. Msemaji wao akaniambia, "Mwalimu, mstari umenyooka, basi oda ni sifuri nukta saba tisa." Sikumlaumu, kwa sababu tulikuwa tumewafundisha kwamba mstari ulionyooka ni ushahidi wa kazi nzuri. Mstari ulionyooka unaonyesha kwamba mambo yalibadilika kwa utaratibu, nalo kosa linaweza kuwa na utaratibu wake pia.

Kuna kipimo chepesi kinachofanyika hapo hapo mezani bila logi. Ikiwa oda ya thayosalfeti ni 1, kasi inalingana moja kwa moja na ujazo wake, kwa hiyo ukizidisha muda kwa ujazo unapaswa kupata jibu moja katika michanganyiko yote. Jibu hilo linakaa mahali pa 1/k, yaani likishuka, k imepanda. Kwa kundi lile majibu yalikuwa hivi:

24 × 50 = 1200
28 × 40 = 1120
34 × 30 = 1020
46 × 20 = 920
85 × 10 = 850

Majibu hayarukiruki juu na chini kama yanavyofanya mtu anapochelewa kubonyeza saa. Yanashuka ngazi kwa ngazi, na yanashuka kadiri maji ya kuongezea yanavyozidi. Hapa ndipo pa kusimama na kutafakari. Ama oda kweli si 1, ama kuna kitu ndani ya maji kinachopandisha k. Ukolezi haubadilishi k, kwa sababu umeshapewa nafasi yake nje ya k katika kanuni. Kati ya mambo yaliyomo kwenye bika lile, kinachoweza kuigusa k kwa kiasi hicho ni jotoridi.

Nilichukua kipimajoto nikaenda kwenye galoni la maji yaliyokenekwa. Lilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha la mashariki, na jua lilikuwa limelipiga tangu saa mbili asubuhi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 37 za Selsiasi. Thayosalfeti na asidi, zilizokaa kabatini, zilisoma 29.

Hesabu ya kuchanganya inatosha kueleza kilichotokea. Mchanganyiko wa kwanza haukuwa na maji ya galoni hata tone, kwa hiyo ulikuwa na nyuzi 29. Mchanganyiko wa tano ulikuwa na cm³ 40 za maji ya nyuzi 37 na cm³ 20 za vitu vya nyuzi 29, na wastani wake ni kama nyuzi 34.3. Wale waliodhani wanabadilisha ukolezi peke yake walikuwa wanabadilisha pia jotoridi, tena kwa mwelekeo ulio kinyume: ukolezi ukishuka, jotoridi lilipanda. Kasi ya mchanganyiko hafifu ikapata msaada usiostahili, na oda ikaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Je, nyuzi 5 tu zinaweza kufanya hivyo? Zinaweza. Kwa mmenyuko huu, nishati ya uamilisho tunayoipata katika maabara yetu ni karibu kilojuli 50 kwa moli, na nitaonyesha hapa chini inavyopatikana. Ukiiweka katika mlinganyo wa Arrhenius, kutoka nyuzi 29 hadi 34.3 namba k inaongezeka kwa takriban asilimia 41. Mchanganyiko wa tano ambao ungechukua sekunde 120 unachukua sekunde 85, kama kundi lilivyopima.

Tulilihamisha galoni, tukaliweka usiku kucha kwenye kabati lile lile la kemikali, tukarudia kesho yake. Muda ulikuwa sekunde 24, 30, 41, 60 na 121. Ukizidisha kwa ujazo unapata 1200, 1200, 1230, 1200 na 1210. Hizo ndizo namba za kipimo cha kweli: hazilingani kabisa, lakini hazielekei upande wowote. Mwinamo wa grafu ulikaribia 1.

Kosa hili lina ndugu yake, linalotokea kinyume. Kundi linaanza asubuhi na mchanganyiko hafifu kuliko yote, maabara ikiwa na nyuzi 27, kisha linaendelea taratibu hadi mchanganyiko mkali saa saba mchana, maabara ikiwa imefika 31. Hapo ukolezi na jotoridi vinapanda pamoja, k inaongezeka kwa asilimia 30 hivi, na oda ya 1 inasomeka kama 1.16. Ukiona oda iliyozidi kidogo, uliza majaribio yalifanywa kwa mpangilio gani na saa ngapi. Njia ya kujikinga ni kuchanganya mpangilio, kwa mfano kuanza na 30, kisha 50, kisha 10, kisha 40, kisha 20, na kuurudia mchanganyiko wa kwanza mwishoni kabisa. Ikiwa marudio yanatoa muda mfupi kuliko ule wa mwanzo, chumba kimepata joto nawe hukujua. Ni afadhali kutumia dakika mbili kwa marudio hayo kuliko kukaa jioni nzima ukibishana na grafu.

Kabla sijaondoka kwenye oda, niseme mpaka wa njia hii. Saa inasimama alama inapofichwa, si salfa ya kwanza inapotengenezwa, na chembe za salfa zinahitaji muda wa kukutana na kukua ndipo zizuie mwanga. Kwa hiyo ndani ya kila t kuna ucheleweshaji mdogo ambao kanuni ya kasi haiujui. Ndiyo maana ninakubali oda yoyote kati ya 0.95 na 1.05 iandikwe 1, na ninakataa mwanafunzi kuandika 1.013 kana kwamba vifaa vyetu vinaweza kuona umbali huo. Vilevile, kwa kuwa asidi imewekwa kiasi kimoja kila mara, oda yake haijapimwa hapa. Kuipima kunadai mfululizo mwingine ambamo thayosalfeti ndiyo inayobaki palepale.

Dalili ya tatu: nishati ya uamilisho inatoka 0.85, au 22, au hasi

Sasa jotoridi ndilo linalobadilishwa kwa makusudi. Tunachukua mchanganyiko mmoja, cm³ 20 za thayosalfeti, 30 za maji na 10 za asidi, na tunaupima katika nyuzi 29, 39, 49 na 59. Kundi jingine lilipata sekunde 60, 32, 17 na 10. Ukolezi ni ule ule kila mara, kwa hiyo mabadiliko yote ya 1/t ni mabadiliko ya k.

Mlinganyo wa Arrhenius huandikwa kwa umbo la mstari, ln k = ln A − Ea/RT, na maana yake ni kwamba ukichora ln(1/t) dhidi ya 1/T unapata mstari unaoshuka, wenye mwinamo sawa na −Ea/R. Tukitumia nukta ya kwanza na ya mwisho kwa urahisi, kasi imeongezeka mara 6, na ln 6 ni 1.792. Nyuzi 29 ni kelvini 302 na nyuzi 59 ni kelvini 332. Tofauti ya 1/302 na 1/332 ni 0.0002992. Ukigawa 1.792 kwa 0.0002992 unapata karibu 5989, na ukizidisha kwa R, ambayo ni juli 8.314 kwa kelvini kwa moli, unapata takriban juli 49,800, yaani kilojuli 50 kwa moli.

Jambo linalonifurahisha katika hesabu hii ni kwamba kila kosa linaacha alama yake kwenye jibu, kama nyayo za ndege mchangani, na mwalimu anaweza kulitambua kabla hajafungua daftari la mwanafunzi. Jibu likitoka kilojuli 0.85, mwanafunzi ametumia Selsiasi badala ya kelvini, kwa sababu tofauti ya 1/29 na 1/59 ni kubwa mno na inaliponda jibu. Likitoka kama 22, ametumia logi ya msingi wa 10 akasahau kwamba mlinganyo unataka logi ya asili, na jibu lake likizidishwa kwa 2.303 litarudi 50. Likitoka karibu na 6, amesoma mwinamo akasahau kuuzidisha kwa R. Likitoka hasi, amechora ln t mahali pa ln(1/t), au ameiacha alama ya kutoa iliyomo ndani ya mwinamo.

Lakini kuna kosa moja lisilokuwa la hesabu, nalo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu jibu lake linaonekana la heshima. Ni 42.

Mwanafunzi amepasha thayosalfeti na maji pamoja hadi nyuzi 59. Ameandika 59 kwenye daftari. Kisha amemimina cm³ 10 za asidi iliyokuwa mezani, yenye nyuzi 29, na kubonyeza saa. Papo hapo mchanganyiko umeshuka hadi nyuzi 54, na bika lenyewe linaendelea kupoa kila sekunde inayopita. Mmenyuko umekwenda kwa jotoridi la 54 na kuchukua sekunde 13, lakini daftari linasema 59. Ukikokotoa kwa 13 na 59 unapata kilojuli 42 hadi 43. Hakuna kinachoonekana kibaya. Tena, kosa linakua kadiri unavyopanda: kwenye nyuzi 29 ni sifuri, kwenye 39 ni kama nyuzi 1.7, kwenye 59 ni 5. Mstari unabaki karibu umenyooka, ila umelala zaidi kuliko unavyopaswa.

Utalitambuaje? Kwa kutia kipimajoto ndani ya mchanganyiko wenyewe baada ya asidi kuingia, na kusoma mara mbili, mwanzoni na alama inapopotea, kisha kuandika wastani. Ikiwa wastani huo unatofautiana na ulioandikwa kwa zaidi ya nyuzi 1, jaribio limeshapotoka. Dawa yake ni kuiweka asidi ndani ya neli yake ya majaribio katika beseni lile lile la maji ya moto, ili vyote viwili vifikie jotoridi moja kabla ya kuchanganywa.

Hapa niongeze jambo la usalama. Gesi ya salfa daiyoksaidi inayotoka inakereketa koo na inaweza kumletea shida kubwa mwenye pumu, nayo hutoka kwa wingi zaidi kimiminika kikiwa cha moto. Sipandi juu ya nyuzi 60, madirisha yanakuwa wazi, na mchanganyiko uliokwisha kupimwa unamwagwa mara moja kwenye ndoo yenye maji mengi na magadi soda.

Kupanda juu kuna tatizo la pili. Muda ukiwa sekunde 10, kuchelewa kubonyeza saa kwa sekunde 1 ni kosa la asilimia 10. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu wa Mtwara na Lindi ni kushuka badala ya kupanda. Slaidi nyingi huanza na nyuzi 25 kana kwamba ndiyo hali ya kawaida ya chumba, na mwanafunzi wetu aliyezaliwa hapa haijui maabara yenye nyuzi 25 mwezi wa Novemba. Barafu lakini tunayo. Kibonge cha barafu kinachouzwa sokoni kwa wenye samaki, kikipondwa na kuwekwa ndani ya beseni kuzunguka bika, kinashusha mchanganyiko hadi nyuzi 15 bila shida. Barafu isiingie ndani ya bika, maana ikiyeyuka inaongeza maji na kuharibu ukolezi. Katika nyuzi 15 muda unakuwa zaidi ya dakika mbili na nusu, na sekunde 1 ya kuchelewa haina maana tena.

Dalili ya nne: "Molekuli zinagongana zaidi, ndiyo maana"

Muulize mwanafunzi kwa nini kasi ilipanda kutoka nyuzi 29 hadi 39, naye atajibu kwamba molekuli zimepata mwendo, zinagongana mara nyingi zaidi. Jibu hilo halikosi ukweli, ila ukweli wake ni mdogo sana, na slaidi zenye vidoti vinavyokimbia ndizo zinazolikuza.

Tupime. Mwendo wa wastani wa molekuli unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha jotoridi la kelvini. Kutoka 302 hadi 312, kipeuo cha pili cha 312/302 ni 1.016. Kwa hiyo, kwa kipimo hicho, migongano ingeongezeka kwa asilimia 1.6 hivi. Lakini muda wetu ulishuka kutoka sekunde 60 hadi 32, yaani kasi iliongezeka kwa karibu asilimia 88. Asilimia 1.6 haiwezi kubeba mzigo huo.

Kinachobeba mzigo ni sehemu ya migongano yenye nguvu ya kutosha. Nishati ya uamilisho ni kizingiti: molekuli zikigongana zikiwa chini yake, zinadunda na kuachana zikiwa vilevile zilivyokuwa. Sehemu inayovuka inakadiriwa kwa e^(−Ea/RT). Kwa kilojuli 50 kwenye kelvini 302, jibu ni karibu 2.2 kati ya bilioni 1. Kwenye kelvini 312 ni karibu 4.2 kati ya bilioni 1. Kuna migongano mingi mno kiasi kwamba hata wawili au wanne kati ya bilioni wanatosha kuifanya alama ya X ipotee ndani ya dakika moja, na kwa kuwa waliovuka wamekaribia kuongezeka maradufu, kasi nayo imefanya hivyo.

Slaidi yenye vilima viwili vya mgawanyo wa nishati, kimoja cha jotoridi la chini na kingine cha juu, inapaswa kufundishwa kwa tahadhari. Sehemu iliyotiwa rangi kulia kwa Ea huchorwa ikiwa kama robo ya kilima kizima ili ionekane. Ingechorwa kwa vipimo vya mmenyuko wetu, isingeonekana hata kwa darubini. Ninawaambia wanafunzi hivyo waziwazi, vinginevyo wanabaki wakiamini kwamba robo ya migongano yote huzaa matunda. Ninawaambia pia kwamba Ea yenyewe imebaki palepale kwenye vilima vyote viwili. Jotoridi halishushi kizingiti, linaongeza wanaokivuka. Kinachompa mmenyuko njia yenye kizingiti kifupi ni kichocheo.

Kutoka hapo unaweza kuirekebisha ile kauli kwamba kila nyuzi 10 zinazidisha kasi mara mbili. Kwa Ea ya 50 karibu na kelvini 300, ni kweli kwa kukadiria: tumepata mara 1.9. Lakini kwa mmenyuko ule ule, kutoka 49 hadi 59, ni mara 1.75 tu. Na kwa mmenyuko mwingine wenye Ea ya kilojuli 100, nyuzi zile zile 10 kutoka 29 zinazidisha kasi mara 3.6. Kadiri kizingiti kilivyo kirefu, ndivyo mmenyuko unavyoathirika zaidi na jotoridi, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisema kinyume.

Kipimo cha kuhakiki

Mfululizo wote ukishakamilika, oda ikiwa 1 na Ea ikiwa 50, ninawapa wanafunzi kazi moja kabla ya kukusanya vifaa. Wakokotoe, kwa karatasi, mchanganyiko wa 20, 30 na 10 utachukua sekunde ngapi katika nyuzi 15, ikijulikana kwamba katika nyuzi 29 ulichukua 60. Hesabu inakwenda hivi: 50,000 gawa kwa 8.314, zidisha kwa tofauti ya 1/288 na 1/302, unapata karibu 0.968. Namba e ikipandishwa kwa 0.968 ni 2.63, na 60 mara 2.63 ni sekunde 158.

Ndipo bika linapoingia kwenye barafu. Jibu likiwa kati ya 150 na 166 tunalikubali. Likiwa fupi zaidi, sababu ninayoikuta mara nyingi ni kwamba asidi haikuwekwa kwenye beseni pamoja na bika, ikaingia na joto lake la mezani, au kipimajoto kimeegemea ukuta wa bika ulioshikana na barafu, na kinasoma ubaridi wa kioo badala ya ubaridi wa kimiminika. Likiwa refu mno, angalia kwanza kama vipande vya barafu vimedondokea ndani, kisha angalia kipimajoto: mara nyingi kimeondolewa mapema na mchanganyiko umeendelea kushuka chini ya 15 bila mtu kuandika.